Tone la Pili

Mwaka 1986 nilikuwa na miaka ishirini na minne, na cheti changu cha mhudumu wa afya ya mama na mtoto kilikuwa bado kinanukia wino. Nilipangiwa zahanati moja upande wa Karatu ambayo jina lake nitaliacha. Nilikuwa mdogo kuliko wote pale, na mimi ni Mwiraqw niliyelelewa kwamba mkubwa akisema, mdogo anaitika. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hiyo niliitika pale ambapo sikupaswa kuitika, na hadi leo nikikumbuka damu inanichemka.

Mkubwa wangu alikuwa Bwana Ignas, mganga msaidizi, mtu wa miaka arobaini na kitu, shati limenyooshwa kwa pasi hata siku za safari. Sisemi alikuwa mganga mbaya. Nilimwona kwa macho yangu akimshona mtu aliyepigwa pembe na nyati, mikono imetulia kama anashona mto. Lakini mwaka ule kulikuwa na lengo. Kila kituo kilipewa idadi ya watoto watakaokuwa wamechanjwa ifikapo Desemba, na Bwana Ignas alikuwa amebandika karatasi yake ukutani juu ya meza. Kila Ijumaa aliitazama. Kidogo kidogo akaanza kuwajali watoto wa kwenye karatasi kuliko wale waliobebwa migongoni.

Ilikuwa mwezi wa Julai. Tuliondoka alfajiri kwenda kliniki ya mkoba, ile inayowafuata watu waliko, Ismaili akiendesha Landrova, mimi nyuma na mizani na boksi la baridi. Boksi hilo nililipanga mwenyewe: pakiti za barafu chini, pembeni na juu, na katikati chupa mbili ndogo za chanjo ya polio. Kila chupa ilikuwa na dozi ishirini. Chanjo ya polio ndiyo dhaifu kuliko zote mbele ya joto, kwa hiyo njia nzima nililikalia karibu lile boksi kama mama anayelinda uji wa mtoto. Tukapita geti la hifadhi, tukazunguka ukingo wa kreta katika ukungu, tukateremka upande wa Endulen hadi kwenye josho la ng'ombe ambako kliniki ilikuwa ikifanyika.

Siku hiyo ilikuwa siku ya kuogesha mifugo. Hatukujua. Maboma ya mbali yote yalikuwa yameshuka na ng'ombe wao, na palipo na ng'ombe wa familia nzima, akina mama nao wapo. Badala ya watoto thelathini tuliowazoea, tulihesabu hamsini na saba.

Karani wa josho alikuwa kijana anayeitwa Lembris, Mmasai aliyemaliza darasa la saba, na ndiye aliyekuwa akinitafsiria. Nilitandika turubai kwenye kivuli cha banda la josho, nikaketisha akina mama, nikaanza somo kama tulivyofundishwa. Nikawaonyesha chupa.

"Hii ni dawa ya kuzuia ugonjwa wa kupooza," nilisema. "Haina sindano. Mtoto anapewa matone mawili mdomoni. Mawili. Akiwa amenyonya au hajanyonya, hakuna ubaya. Lakini akiitema, au akitapika hapa hapa kabla hamjaondoka, usinyamaze. Niambie. Tutampa tena mawili mengine."

Lembris akatafsiri. Mama mmoja mbele akamuuliza kitu, naye akanigeukia.

"Anauliza, akipewa tena si zitakuwa nyingi? Hazitamdhuru?"

"Mwambie hazimdhuru. Za kwanza zimetoka, hazijaingia. Na hata kama kidogo kiliingia, kuzidi hakuna madhara. Kupungua ndiko kubaya."

Mama yule aliitikia kwa kichwa, taratibu. Jina lake Naipanoi. Nilimwona pale kwa mara ya kwanza. Alikuwa na mtoto wa kiume wa miezi miwili kifuani, Koinet, na pembeni yake binti wa miaka minne aliyeitwa Nanyokie. Msichana aliponyanyuka kwenda kuchungulia mizani, niliona jinsi anavyotembea: kila akikanyaga mguu wa kushoto, analisukuma goti kwa kiganja ili mguu usikunjike. Paja limekonda, mguu umelegea. Mwalimu wetu chuoni alituonyesha picha ya mtoto anayetembea hivyo. Sikuhitaji kuuliza ni nini.

Nikaanza kazi. Bwana Ignas alikaa kwenye kiti cha kukunja akiandika kadi na kuchora vistari kwenye fomu. Mimi nilipima uzito, nikatoa matone, nikachoma sindano ya kifaduro, pepopunda na dondakoo. Chupa ya matone niliisimamisha juu ya barafu kwenye bakuli la bati, na kila nilipomaliza mtoto mmoja niliirudisha pale. Unambana mtoto mashavu kwa vidole viwili, polepole, mdomo unafunguka. Unainamisha chupa bila kumgusa ulimi. Moja. Mbili. Unamtazama koo hadi ameze.

Wengi walimeza. Wawili walitema kwa hasira, matone yakachuruzika kidevuni, nikawarudia. Bwana Ignas aliinua kichwa mara zote mbili.

"Bibiana, unamwaga chanjo."

"Wametema, Bwana Mganga."

"Nimeona. Nasema unamwaga."

Nilipomaliza mtoto wa ishirini na sita, chupa ya kwanza ilikuwa imekwisha na ya pili ilikuwa imeingia. Nilikuwa nimetumia dozi ishirini na nane. Zilibaki kumi na mbili, na mbele yangu walikuwa wameketi watoto thelathini na mmoja. Bwana Ignas alikuwa amepiga hesabu hiyo kabla yangu. Akasimama, akafunga kalamu, akaja akachukua chupa kwenye bakuli.

"Wewe choma sindano tu," alisema. "Matone nitatoa mimi, tuende haraka." Kisha akateremsha sauti. "Na kuanzia sasa ni tone moja moja. Wote wapate."

Nilimtazama.

"Dozi ni mawili, Bwana Mganga."

"Dawa ni ile ile. Tone moja si maji. Au unataka niwarudishe watu waliotembea tangu usiku, niwaambie hamna?"

Hapo ndipo nilipoitika. Nilisema, "Sawa, Bwana Mganga," nikaenda kwenye sindano zangu hatua nne kutoka alipo. Nilijua kabisa ninachokiitikia. Dozi nusu haijulikani itamlinda nani na nani haitamlinda, lakini kadi itasema amechanjwa, na mama ataamini kadi. Mama aliyeambiwa "hamna leo" atarudi. Mama aliyeandikiwa kadi hatarudi, kwa nini arudi? Nililijua lote hilo, na bado nikavuta dawa kwenye sindano na kumpangusa mtoto wa watu paja kwa pamba, kama vile nyuma yangu hakutendeki kitu.

Akampa wa kwanza tone moja. Wa pili. Wa tatu. Wa nne. Kila mmoja, kistari kwenye fomu na tarehe kwenye kadi.

Wa tano alikuwa Koinet.

Naipanoi alimlaza mtoto kwenye mapaja, kichwa kikiinuliwa kidogo, kama nilivyowaonyesha asubuhi. Bwana Ignas akadondosha tone. Koinet alikuwa ametoka kunyonya. Akakunja uso, akakohoa, akacheua maziwa, na yote yakatoka kwa mkupuo mmoja juu ya shuka la mama yake. Bwana Ignas alikuwa tayari ameandika tarehe.

"Anayefuata."

Naipanoi hakunyanyuka. Alikuwa na Kiswahili kidogo, cha kuuzia maziwa.

"Ametapika," alisema.

"Kidogo tu. Imeshaingia. Nenda kwenye sindano."

"Ametapika yote. Na ulitoa moja." Akainua kidole kimoja. "Sista alisema mawili."

Bwana Ignas akacheka, kicheko kile cha mtu anayewachekea wengine waliosimama nyuma yako. "Lembris, mwambie huyu mama asinifundishe kazi. Mwambie kazi hii nimeifanya kabla yeye hajatobolewa masikio."

Lembris alikuwa ameinama kumshika ndama aliyeingia kwenye turubai, akimsukuma nje. Akanyooka.

"Amesikia, Bwana Mganga," alijibu. Hakutafsiri.

"Basi mwambie atoke. Foleni imesimama."

Naipanoi akaanza kusema kwa Kimaa, na kwa kuwa alikuwa anamwambia Lembris, alisema taratibu, bila kupaza sauti. Niliona Lembris akisikiliza huku sura yake ikibadilika. Aliponigeukia alikuwa anazungumza na mimi, wala si na Bwana Ignas.

"Anasema hivi. Huyu Nanyokie naye alipelekwa kliniki. Si hapa, ni mahali pengine walipokuwa wanachunga. Alipewa matone, akatapika na maziwa, kama huyu. Akamwambia yule aliyekuwa anatoa, yule akasema imeshaingia, nenda. Akaandikiwa. Mara ya pili mtoto akalia akatema, akaandikiwa. Kadi imejaa. Alipokuwa na mwaka mmoja na kitu akapata homa siku tatu, siku ya nne mguu haukuamka." "Anasema kadi ya Nanyokie anayo nyumbani. Ni nzuri, haina doa. Anauliza kama mnaitaka."

Ng'ombe walikuwa wanalia kule joshoni, na harufu ya dawa ya kupe ilikuwa imetanda kila mahali.

Sasa niseme ukweli, maana wenzangu wa kazi watanihoji. Hakuna mtu anayeweza kusimama akaapa kwamba mguu wa Nanyokie ulipooza kwa sababu ya matapishi yale. Labda chanjo ilikuwa imepashwa na jua kabla haijamfikia. Labda alikuwa miongoni mwa wale wachache ambao chanjo haiwashiki hata wakipewa vizuri. Lakini hiyo ndiyo inayoniuma zaidi. Kama wangemrudia, tungejua kwamba tulifanya yanayopasa. Hawakumrudia, na kilichobaki ni kadi safi na mtoto anayesukuma goti kwa mkono.

"Pole sana, mama," alisema Bwana Ignas, na nadhani kwa sekunde moja alimaanisha. Kisha akaitazama foleni, akaitazama saa. "Lakini hayo ni mengine. Hapa nina watoto hamsini na saba. Nikianza kurudia kila anayecheua, nusu watakosa. Lembris, mwite mumewe aje amwondoe."

Mume wa Naipanoi aliitwa Moringe. Alikuja kutoka joshoni amelowa hadi magotini, fimbo begani, mtu mrefu mwenye uso wa uchovu. Bwana Ignas alimpa mkono, akamwita mzee ingawa yeye ndiye aliyemzidi umri, akamweleza kwamba mkewe anazuia kazi ya serikali. Moringe alisikiliza hadi mwisho. Akamuuliza mkewe jambo moja kwa Kimaa. Naye akajibu kwa neno moja na kulionyesha shuka lake lililolowa.

Moringe akamgeukia Bwana Ignas.

"Mganga, leo nimeleta ng'ombe themanini kwenye hili josho," alisema kwa Kiswahili cha polepole. "Ng'ombe akiruka pembeni, asilowe mgongo, Lembris ananiambia mrudishe, apite tena. Haandiki kwamba amepita. Kwa ng'ombe." Akachuchumaa kando ya mkewe, akaweka fimbo chini. "Tunangoja."

Bwana Ignas alibadilika rangi. Akasema maneno ambayo sitayarudia, kuhusu watu wa porini na shukrani. Akina mama waliokuwa nyuma wakaanza kunong'onezana, na wale wanne waliokwisha kupewa tone moja wakawa wamesimama kando ya mizani na watoto wao, wananitazama. Walikuwa hawamtazami yeye. Walinitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyewaambia mawili asubuhi ile, nikawaambia wasinyamaze, na sasa mmoja wao alikuwa hakunyamaza na mimi nimesimama na bomba la sindano mkononi kama sanamu.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu hapo. Aibu ile ikageuka hasira, na hasira ikanisogeza miguu. Nikaweka bomba kwenye trei, nikaenda, nikaichukua chupa mkononi mwa Bwana Ignas. Sikuipokonya, lakini sikuomba pia.

"Bibiana!"

"Soma lebo, Bwana Mganga." Nikamgeuzia lebo ya chupa. "Kuna chanjo nyingine za matone matatu, nyingine mawili, aliyeitengeneza ndiye anayeandika. Hii imeandikwa mawili. Haikuandikwa moja popote."

"Wewe ni mtoto wa juzi."

"Ndiyo. Ndiyo maana bado nakumbuka nilichofundishwa."

Nikapiga magoti mbele ya Naipanoi. Chupa niliirudisha kwanza kwenye barafu, maana ilikuwa imeshikwa juani muda mrefu kuliko nilivyopenda. Nikamwambia amwinue Koinet begani, ampigepige mgongo, acheue hewa, atulie. Tukangoja. Hakuna sababu ya kumpa mtoto anayelia na kukohoa, atatema tena. Alipotulia nikambana mashavu. Moja. Mbili. Akalamba midomo, akashangaa utamu au uchungu wake, akameza.

"Kaa hapa kivulini," nilimwambia. "Dakika kumi. Akitapika tena, niite. Na kama na hizo hazikukaa, hatutaziandika kabisa, utamleta tena."

Lembris alitafsiri hadi neno la mwisho, kwa sauti ya kusikiwa na wote.

Nikawaita wale wanne. Tone moja lile sikujua nani alilimeza na nani alilitoa kwenye kona ya mdomo, kwa hiyo niliwapa wote mawili kamili. Zikabaki dozi nne, nikawapa waliokuwa mbele kwenye foleni. Chupa ikabaki na tone moja linalozungukazunguka kwenye kioo. Sikumpa mtu.

Kisha nikafanya kazi ngumu kuliko zote za siku ile. Niliwageukia akina mama ishirini na wawili ambao baadhi yao walilala njiani, nikawaambia chanjo ya polio imekwisha. Niliwaambia sindano wataipata, uzito watapimwa, lakini matone hakuna. Niliwaambia tulikosea, tulileta kidogo. Mmoja aliniuliza kwa ukali kama siku nyingine nitakuja na chupa tupu. Alikuwa na haki. Nikachukua daftari langu la mistari, nikaandika jina la kila mtoto aliyekosa, la mama yake na la boma lake, Lembris akinisaidia herufi.

Bwana Ignas alikuwa amekwenda kukaa kwenye Landrova. Aliporudi kuchukua karatasi zake nilimwona akijaza fomu. Aliandika hamsini na saba.

"Waliopata ni thelathini na watano," nilimwambia.

"Waliohudhuria ni hamsini na saba."

"Fomu inauliza waliochanjwa."

"Tia sahihi, Bibiana. Tuna safari."

"Sitii."

Ismaili, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema lolote zaidi ya habari za matairi, aliwasha gari, akalizima, akashuka kukagua maji ambayo hayakuhitaji kukaguliwa. Nadhani alikuwa ananipa muda. Sikutia sahihi. Tulirudi Karatu, saa nyingi za barabara ya vumbi.

Siku ya tatu nikapewa barua ya onyo. Iliandikwa kwamba nimemkaidi mkubwa wangu mbele ya wananchi, nimetumia lugha isiyo na heshima na kuvuruga zoezi la chanjo. Neno polio halikuwemo katika barua nzima. Niliisoma nimesimama ukumbini, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nikalia, lakini si kwa kuogopa. Nililia kwa ghadhabu ya mtu anayeona uongo umepigwa mhuri.

Mtu aliyenikuta nikilia alikuwa Mama Eunike, aliyekuwa akisimamia chanjo za vituo vyote vya upande wetu. Alikuwa amekuja kukagua jokofu letu la mafuta ya taa. Mwanamke mnene, mkavu wa maneno, miwani imefungwa na uzi.

"Unalia nini?"

Nikampa barua. Akaisoma, akanirudishia. "Na upande wako?"

Nikampa daftari. Aliligeuza kurasa polepole. Akaingia ofisini kwa Bwana Ignas na mimi nyuma yake, akachukua ile fomu, akaiweka kando ya kitabu cha kutolea chanjo.

"Bwana Ignas," alisema, "siku hiyo mlichukua chupa mbili."

"Ndiyo, mama."

"Chupa moja ni dozi ishirini."

"Ndiyo, mama."

"Niambie wewe, taratibu, watoto hamsini na saba wamechanjwaje kwa dozi arobaini. Nami nikawafundishe wengine."

Bwana Ignas alianza kueleza habari za mazingira magumu, umbali, lengo la Desemba. Mama Eunike alimwacha aeleze mpaka maneno yakamwishia. Kisha akachukua kalamu, akafuta hamsini na saba, akaandika thelathini na tano, akatia jina lake pembeni.

"Kule kungeingia polio," alisema, "karatasi yako ingesema haiwezekani, wote wamechanjwa. Tungeacha kwenda. Umeelewa ulichokuwa unafanya?"

Mama Eunike akaniambia nipange boksi la baridi kwa ajili ya Jumanne, chupa nne badala ya mbili. Aliyetafuta petroli ni yeye. Jinsi alivyoipata sijui, mwaka ule petroli ilikuwa shida kwa kila mtu.

Tulirudi joshoni mimi na Ismaili peke yetu. Lembris alikuwa amepeleka habari maboma yote. Kati ya wale ishirini na wawili walikuja kumi na tisa. Watatu walikuwa wamehama na mifugo kuelekea Engaresero, na majina yao nilimtumia barua mwenzangu wa upande ule. Sijui kama iliwahi kufika.

Mwezi ulipopita tukaenda tena kwa dozi ya pili. Naipanoi alikuwa wa kwanza kwenye turubai. Koinet alikuwa amenenepa, mkono wake umeshika ushanga wa mama yake hauachii. Nilimpa matone yake, akameza bila kelele, na mama yake akamweka begani akahesabu muda kwa namna yake mwenyewe, macho hayamtoki mdomoni.

"Yule mganga yuko wapi?" aliniuliza.

Nilitamani ningekuwa na jibu jingine. "Amehamishwa. Amepelekwa mjini, ofisini. Wamempa cheo kikubwa kidogo."

Akadhani hajasikia vizuri Kiswahili. Akamuuliza Lembris. Lembris akamwambia kwa Kimaa, na kwa jinsi Naipanoi alivyomwangalia nikajua ametafsiri sawasawa.

"Na wewe?"

"Mimi barua yangu ya onyo iko kwenye faili. Haijatolewa."

Haikutolewa kamwe. Nilifanya kazi miaka ishirini na sita, na kila aliyekuja kunikagua aliikuta pale, na nilimweleza kila mmoja wao, kwa kirefu, watake wasitake.

Naipanoi akampangusa Koinet kidevu ambacho kilikuwa kikavu. Kisha akasema jambo kwa Lembris, akainuka, akajifunga shuka, akaenda kwenye sindano.

"Amesemaje?" nilimuuliza Lembris.

"Anasema wewe wakikupa cheo, ukatae."

Mama aliyefuata alikuwa ameshaketi. Nikachukua chupa kwenye barafu, nikasoma lebo, nikamwambia amwinue mtoto kichwa.